Nauli ya Lodwar

Barua pepe ya kumwita kwenye mahojiano ilimfikia Marigu Jumatano saa tano asubuhi, mikono yake ikiwa imejaa mapazia. Alikuwa dukani kwa Mama Ayan pale Makutano, mjini Meru, akiyakunja mapazia ambayo mteja mmoja alikuwa ameyafunua yote, akayasifu yote, kisha akaenda zake bila kununua hata moja. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaisoma akiwa amesimama, akairudisha, akaendelea kukunja.

Sasa niambie, mtu aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, mtaalamu wa maabara mwenye leseni anayeilipia kila mwaka ili akunje mapazia, akiitwa na hospitali anafanyaje? Anaruka. Anapiga magoti. Angalau anakaa chini. Marigu alikunja pazia la kijani, akalipanga juu ya lenzake, akachukua lingine.

Mwenye duka, Dhahabo, ambaye kila mtu alimwita Mama Ayan kwa jina la bintiye wa kwanza, alimtazama kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango. Akamuuliza ni nani aliyeandika. Marigu akasema ni hospitali moja ya misheni huko Lodwar, wanataka mtu wa maabara, wamemwita Jumatano ijayo saa tatu asubuhi.

"Na umenyamaza hivyo?" Mama Ayan akasema. "Mimi nilidhani ni kampuni ya simu inakuuzia bando."

Marigu akamsomea mistari miwili ya mwisho, kwa sauti ile ile ambayo mtu angesomea bei ya kitambaa. Gharama zote za usafiri na malazi ni juu ya mwombaji. Na chini yake, kwa herufi nzito: mwombaji yeyote atakayetumia watu kumwombea ataondolewa mara moja. Mstari huo wa pili hakuna aliyeutilia maanani, kwa sababu uko kwenye kila tangazo la kazi nchini, na watu wameuzoea kama walivyozoea kelele za barabarani.

Ni huo wa kwanza uliokuwa unauma, au uliopaswa kuuma. Kutoka Meru hadi Lodwar ni siku mbili barabarani: ushuke hadi Nakuru, ulale Kitale, upande gari lingine kesho yake ukateremke jangwani ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kisha urudi. Nauli ya kwenda na kurudi, na pa kulala, ilikuwa zaidi ya mshahara aliolipwa kwa mwezi pale dukani. Na Mama Ayan hakuwa mchoyo, ni biashara tu ndivyo ilivyokuwa.

Isitoshe, Marigu alikwisha kwenda. Alikwenda Busia, akaambiwa cheti chake ni kizuri na atapigiwa simu. Alikwenda Voi, akakuta watu mia na hamsini wamepangwa foleni chini ya jua kwa nafasi mbili. Alikwenda Garissa, na hiyo ya Garissa ndiyo iliyommaliza, maana alikaa kwenye benchi kutoka asubuhi hadi jioni, akaingia, akaulizwa jina lake na la baba yake, akaambiwa asante. Dakika nne. Bawabu alimwambia akiwa anatoka kwamba ile kazi ilikuwa na mwenyewe tangu mwezi uliopita. Wangalimwambia kwenye simu. Dakika nne zingetosha kwenye simu, jamani.

Na nauli za safari hizo zote zilitoka wapi? Ya Busia ilikuwa mbuzi wawili wa baba yake kule Kanja. Ya Voi ilikuwa makadamia ya msimu mzima. Ya Garissa ilichangwa kanisani: mchungaji alimsimamisha mbele, watu wakapita na kapu, akina mama wakamwekea mikono kichwani. Aliporudi bila kazi hakuna aliyemlaumu. Waliacha tu kumuuliza, na akiingia kanisani walimwachia nafasi kwenye benchi kana kwamba kafiwa. Ndipo akahamia Meru kukunja mapazia. Tangu Garissa hakuwa amelia wala kucheka kicheko cha kweli. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na kusema kweli aliuona ni unafuu.

Akamwambia Mama Ayan kwamba hataenda.

Mama Ayan alikuwa mtu wa biashara, binti wa mtu wa biashara, na mumewe Abdiwahab alikuwa na malori mawili yaliyobeba bidhaa hadi Maua. Katika maisha yake hajawahi kuambiwa bei akaichukua kama ilivyo. Alimtazama Marigu kwa mshangao wa kweli.

"Umewauliza?"

"Kuwauliza nini?"

"Wapunguze. Walipe nauli, au nusu. Au wakuulize hayo maswali yao kwenye simu, kwa video. Ayan wangu aliye Isiolo si alihojiwa na watu wa Nairobi akiwa amekaa kitandani? Ukiuliza watakufanya nini, watakupiga?"

Marigu akasema mtu hamwombi nauli mtu ambaye hata kazi hajampa. Ni aibu. Mama Ayan akamwambia aibu ni kukaa kimya huku unaumia, na kwamba kuuliza bei si kuomba sadaka. Kisha akamwachia mteja aliyeingia ajihudumie mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika duka lile, akavuta kiti, akamlazimisha aandike.

Marigu akaandika. Mara ya kwanza akaandika kuhusu mbuzi, makadamia na kanisa. Mama Ayan akayafuta yote. Usiwalilie, akamwambia, mtu anayelia anaonekana ana shida, na hakuna anayeajiri shida. Sema unaitaka kazi, sema uko mbali, wape njia tatu wachague. Ukimpa mtu njia moja atakataa, ukimpa tatu ataanza kufikiria ipi ni bora.

Kwa hiyo ikawa hivi. Alishukuru kwa kuitwa na kuthibitisha kwamba anaitaka nafasi hiyo. Alieleza kwamba yuko Meru, safari ya siku mbili, na kwamba gharama hizo hawezi kuzimudu kwa sasa. Akauliza kama mahojiano yanaweza kufanywa kwa video siku ile ile na saa ile ile, naye akiwa mahali penye intaneti nzuri. Kama haiwezekani, je, hatua ya kwanza iwe kwa video, naye asafiri iwapo tu atachaguliwa kwa jaribio la maabara? Na kama hilo nalo haliwezekani, je, hospitali inaweza kuchangia nauli, hata kwa kumlipia moja kwa moja kwenye kampuni ya basi? Akaomba jibu kufikia Ijumaa, ili aweze kujipanga. Akaambatisha vyeti na leseni, akatuma. Hakuhisi chochote. Akarudi kwenye mapazia.

Jioni alimpigia baba yake. Mzee Njagi alikuwa mkulima wa kahawa kidogo na ndizi kidogo, mtu mpole anayevua kofia hata anapozungumza na mtu kwenye simu. Marigu alibeba jina la nyanya yake, mama aliyemzaa Njagi, kwa hiyo tangu azaliwe baba yake humwita mama.

Mara tu aliposikia neno Lodwar, mzee alisema ndama yuko tayari, siku ya soko Runyenjes atampeleka. Marigu akamwambia asimguse huyo ndama. Akamweleza kwamba ameandikia hospitali, ameomba wamhoji kwa video au wamsaidie nauli.

"Umeomba peke yako?" mzee akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Bila mtu?"

"Ni barua pepe, baba. Haiendi na mtu."

Mzee hakubisha. Akamuuliza kama amekula, akamwambia alale salama. Na Marigu, ambaye siku zingine angesikia jinsi sauti ya baba yake ilivyoshuka, safari hii hakusikia kitu.

Ngoja nikueleze kosa ambalo mzee aliliona, maana mtu wa mbali atadhani mzee alikuwa mjinga, na hakuwa mjinga hata kidogo. Kwao Kanja mtu haendi peke yake kuomba jambo kubwa. Ukitaka mke, huendi peke yako. Ukitaka shamba la kukodi, ukitaka mtoto wako apokewe shuleni karo ikiwa haijatimia, unamtafuta mtu anayejulikana huko, anatangulia, anasema: huyu ni wetu, tunamjua, msikilizeni. Anayekwenda peke yake anaonekana hana watu, na asiye na watu ni nani atamwamini? Mzee Njagi alimfikiria binti yake akisimama mbele ya wakubwa wa Lodwar bila mtu nyuma yake, akashindwa kulala.

Asubuhi ya Alhamisi alibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai, akasafiri hadi Siakago kwa shemeji yake Kithaka. Kithaka alikuwa dereva wa hospitali ile ile ya Lodwar kwa miaka kumi na miwili kabla ya kustaafu, na nambari ya mkurugenzi alikuwa nayo bado. Wakanywa chai. Kithaka akapiga simu, akamwombea msichana nauli.

Ijumaa saa nne simu ya Marigu ililia. Ilikuwa ni afisa wa ajira wa hospitali, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akajitambulisha kwa jina la Akiru. Alisema wameipata barua, wakaijadili. Nauli hawana fungu lake, ila video inawezekana, na kusema kweli hakuna aliyewahi kuwauliza. Watu huja tu, au hawaji. Jumatano saa tatu atatumiwa kiungo. Awe na kitambulisho na vyeti halisi mkononi ili avionyeshe kwenye kamera. Akifaulu, atasafiri mara moja tu, kwa jaribio la maabara, na safari hiyo hospitali itamtafutia kitanda katika nyumba yake ya wageni.

Marigu alisema asante. Alipokata simu aligundua kwamba anatabasamu, na uso ulimuuma kidogo kwa kukosa mazoezi. Mama Ayan alipiga makofi mara moja, akasema si nilikwambia, akampa chumba cha nyuma cha duka kwa siku hiyo, kile chenye kipanga njia cha intaneti. Marigu akampigia baba yake kumpa habari. Mzee akafurahi sana, akasema Mungu ni mwema na Kithaka ni mtu wa maana. Kwa nini Kithaka, Marigu akauliza. Na mzee akamweleza yote bila kuficha, kwa fahari, hadi kilo mbili za sukari.

Marigu akasimama na simu sikioni. Ule mstari wa herufi nzito ukamrudia.

Akiru alipiga tena saa tisa. Sauti yake ilikuwa ile ile ya taratibu lakini sasa ilikuwa na uzito.

"Marigu, nina swali na nataka unijibu vizuri. Jana kuna mtu alimpigia mkurugenzi kwa ajili yako. Kithaka. Anasema ametumwa na baba yako, Njagi. Mkurugenzi ameniletea ujumbe, na mimi lazima niuandike kwenye faili. Kama ni wewe umewatuma, sheria yetu unaijua. Kama ni mtu tu amejipigia na wewe humjui, nitaandika hivyo, na Jumatano tutaendelea."

Alikuwa anampa mlango. Marigu alisikia wazi kwamba anapewa mlango, tena kwa huruma.

"Simjui," akasema.

"Na baba yako?"

Angeweza kusema mambo mengi. Angesema baba yangu ni mtu wa zamani. Angesema mzee aliomba nauli tu, hakuomba kazi, na huo ungekuwa ukweli mtupu. Lakini zile safari tatu zilikuwa zimemkausha, na kinywa kikasema chenyewe, bila kutetemeka.

"Baba yangu alifariki."

Akiru akasema pole sana, basi ni mtu amechanganya majina, tuonane Jumatano.

Mama Ayan alikuwa amesikia. Alikuja hadi kwenye kaunta, akamwangalia.

"Astaghfirullahi. Umemzika baba yako kwa sababu ya nauli?"

"Ndiyo, Mama Ayan."

"Na uko sawa?"

Marigu akajichunguza kama mtu anayepapasa jino. Akasema yuko sawa. Na hilo ndilo lililomtisha Mama Ayan, maana msichana hakuwa anadanganya. Alikuwa sawa kabisa. Jioni ile alikula chapati mbili na maharagwe, akalala hadi asubuhi. Jumapili akazungumza na baba yake kuhusu ndama na mvua. Mzee akauliza hiyo video itafanyikia wapi, akamwambia ni dukani. Akasema angependa kuja, akae tu karibu. Marigu akamwambia asihangaike, ni mbali, na hakuna atakalofanya. Mzee akasema sawa, mama. Akavua kofia bila shaka.

Jumatano chumba cha nyuma kilikuwa kimepigwa ufagio. Kompyuta aliyoiacha Ayan iliwekwa juu ya robota mbili za kitambaa ili kamera imwangalie usoni badala ya kumwangalia puani. Nyuma yake Mama Ayan alitundika pazia jeupe, akakataa katakata lile la maua. Saa tatu kamili sura tatu zikatokea: Akiru, daktari mmoja mwenye miwani, na mwenyekiti wa jopo, sista mzee wa Kikatoliki mwenye kikohozi.

Alionyesha kitambulisho. Alionyesha vyeti, kimoja kimoja, akavisogeza hadi vikasomeka. Daktari akamuuliza: kipimo cha haraka kinasema mgonjwa ana malaria, na wewe kwenye darubini huoni kitu, utaripoti nini? Akajibu kwamba angerudia kuangalia tone nene la damu kwa makini, angeuliza kama mgonjwa ametibiwa malaria wiki za karibuni, kwa kuwa kipimo cha haraka huweza kuendelea kusoma hata vimelea wakiwa wamekufa, kisha angeandika majibu yote mawili kama yalivyo na kuzungumza na aliyemtuma mgonjwa. Daktari akaandika kitu. Akamuuliza kuhusu damu ya kuongezewa, akajibu. Akamuuliza umeme ukikatika na friji ina vitendanishi, zile dawa za kupimia, akajibu. Hakuwa na woga wowote. Waliofika Lodwar kwa basi hawakuweza kujibu hivyo, kwa uchovu, na Akiru alikuwa anaanza kutabasamu.

"Bi. Marigu," sista akasema, "tukikuchukua unaweza kuanza lini?"

Hapo dukani mbele palikuwa na mtu anasalimia. Mama Ayan alikuwa na wateja watatu wa harusi na mkono wake ulikuwa kwenye mkasi, lakini alimjibu, akamwonyesha kiti, akamwomba kwa heshima asubiri hapo. Mzee Njagi akashukuru, akakaa. Alikuwa ameondoka Kanja kabla jua halijachomoza, katika koti lake la harusi na mazishi. Kupitia mlango wa mbao alisikia sauti za watu wazima wakizungumza na mtoto wake, akasikia kikohozi cha mtu mzee. Na yeye amekaa tu nje, hajawasalimia! Watasema msichana huyu ametoka katika nyumba ya watu gani? Akasimama, akavua kofia, akasukuma mlango.

Marigu alimwona kwanza kwenye kioo cha kompyuta, katika kile kijisanduku kidogo chenye sura yake. Pazia jeupe likasogea, uso wa baba yake ukatokea juu ya bega lake.

"Hamjambo, wakubwa," mzee akasema, akiinamia kompyuta na kofia kifuani. "Poleni na kazi. Mimi ni Njagi, babake huyu. Sikuja kuwasumbua. Nimekuja tu kusema asante kwa kumsikiliza, na mjue ana watu."

Kikohozi cha sista kilikoma. Daktari alivua miwani. Akiru alikuwa hatabasamu tena, alikuwa anamwangalia Marigu moja kwa moja, kama mtu aliyekopesha kitu akarudishiwa kimevunjika.

"Bi. Marigu," Akiru akasema polepole, "huyu ni nani?"

Kulikuwa na mlango mwingine. Angeweza kusema ni baba mdogo, na baba mdogo kwetu ni baba pia, nani angebisha? Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Kisha akasikia pumzi ya mzee karibu na sikio lake, na harufu ya moshi na sabuni kwenye lile koti, na mkono mzito ukatua begani mwake.

"Ni baba yangu," akasema. "Yuko hai."

"Niko hai kabisa," mzee akaitikia kwa furaha, "kwa neema ya Mungu."

Sista akasema asanteni, mahojiano yameishia hapo. Hakusema watampigia simu. Akiru alibaki akitazama sekunde moja zaidi, kisha sura zote tatu zikatoweka, akabaki Marigu na baba yake ndani ya kioo, wakijitazama.

Mzee alivuta kiti, akakaa. Akasema ni watu watulivu wale, wamesikiliza vizuri. Akatabasamu peke yake. Kisha tabasamu likaanza kupungua, kwa sababu, nilikwambia, hakuwa mjinga.

"Mama," akasema, "kwa nini uliwaambia niko hai?"

Marigu alifunga kompyuta. Huko mbele Mama Ayan alikuwa anakata kitambaa, na mkasi ulisikika ukitembea.

"Kwa sababu niliwaambia umekufa, baba. Ijumaa. Waliniuliza kuhusu simu ya mjomba. Mtu akikuombea, wanakutoa. Ningesema ndiyo, wangenitoa siku hiyo hiyo."

Mzee aliizungusha kofia mikononi, mzunguko mmoja mzima, kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuuliza ni sheria ya wapi hiyo. Hakuuliza ni nani aliyemfundisha kusema hivyo.

"Na leo ulikuwa unajibu vizuri?"

"Nilikuwa najibu vizuri."

"Wangekuchukua?"

"Nadhani walikuwa wananichukua. Waliniuliza naanza lini."

Mzee Njagi akaitikia kwa kichwa, pole pole, akiangalia sakafu iliyopigwa ufagio kwa ajili ya siku hiyo.

"Sasa mama," akasema kwa upole, bila hasira hata kidogo, "si ungeniacha tu nikiwa nimekufa."

Ikamuuma. Ilianzia mahali fulani chini ya kifua, mahali ambapo tangu Garissa hapakuwa na kitu. Akashika kile kiganja chenye sugu za jembe kwa mikono yake yote miwili. Mzee akamwacha akishike. Wakakaa hivyo mpaka Mama Ayan alipogonga mlango kuuliza kama mzee amekunywa chai.